Polisi Wakimshikilia Kupita Muda

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Akikamatwa Ijumaa jioni, saa hizo huisha korti zimefungwa, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu, kabla korti haijafunga.

Jumatatu ikipita kimya, ndugu au rafiki anaweza kuiomba Mahakama Kuu iwaamuru polisi wamlete mtu huyo na waeleze sababu ya kumzuilia. Hati ya kiapo itaje siku, saa, mahali alipokamatwa na walioshuhudia. Polisi wakikana kuwa naye, ushahidi huo ndio utakaobeba ombi.

Hakimu akishaagiza kihalali azuiliwe rumande, ombi hilo kwa kawaida hukosa nguvu. Hapo omba dhamana.

Andika saa ya kukamatwa mapema.