Nguo ya Usaili Hujaribiwa Kitini

Vijana waliomaliza kidato cha sita walipoomba nizungumze nao kuhusu mavazi ya usaili wa chuo, nadhani walitarajia habari za rangi ya tai. Mimi niliomba kiti. Kijana mmoja, aliyekuja na shati lake la usaili mwilini, akakubali kukaa mbele ya wenzake. Akiwa amesimama alipendeza kweli. Alipokaa, vifungo viwili vya tumboni vikavutana, fulana nyeupe ikachungulia, na suruali ikapanda hadi ngozi ikaonekana juu ya soksi fupi.

Msailiwa huonekana amesimama kwa hatua chache tu, kutoka mlangoni hadi mezani. Muda wote uliobaki amekaa, na asipojiamini mkono wake haukomi kuvuta shati au sketi. Mabinti nao wajaribu hivyo hivyo: sketi ifunike magoti wakiwa wamekaa, na pini za hijabu zishike hata wakigeuza shingo.

Shati la yule kijana lilikuwa la mtumba, kitambaa kizuri, ila lilimbana, na fundi hawezi kulipanua kwa sababu mishono ya shati huachiwa kitambaa kidogo mno ndani. Sokoni angetazama bega kwanza. Mshono ukae juu ya ncha ya mfupa wa bega, ukosi ukifungwa upitishe vidole viwili, na tumbo likizidi si neno, maana kupunguza mbavuni ni kazi nyepesi. Bega likizidi, fundi hana budi kufumua mikono na kuishona upya. Ndani, chini ya shati jeupe, fulana inayokaribia rangi ya ngozi huonekana kidogo kuliko nyeupe.

Kupiga pasi kuna mtego wake. Suruali nyeusi ya polista ikipigwa pasi ya moto sana kwa nje, hung'aa magotini, na mng'ao huo ni vigumu kuondoka. Igeuzwe ndani nje, au pasi ipite juu ya kitambaa chenye unyevu. Ya mkaa ipangusiwe kwanza kwenye kitambaa kikuukuu, majivu yasije yakaishia kwenye ukosi.

Binti mmoja aliuliza kama msaili anaamua mapema hivyo. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha watu picha za nyuso kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hukumu zao zililingana sana na za waliotazama bila kikomo. Muda zaidi uliwaongezea hasa uhakika. Zilikuwa nyuso, si mashati, wala haina maana kwamba walihukumu sawasawa.

Mzazi mmoja akataka kujua kuhusu suti ya kuazima. Nilimjibu kwamba suti ya mjomba mara nyingi huanguka begani, na kwa usaili wa chuo shati safi linalomkaa mtu linatosha.