SEMA UNACHOTAKA KABLA AFISA HAJAGEUZA KARATASI

Katika makala haya nataka kuwaonyesha kwa nini ombi lenu lazima likae katika sentensi mbili za kwanza za barua rasmi. Nitatumia barua moja ya kisima iliyopitia mikononi mwangu wakati wa jilaal, ili muone jinsi shida ile ile inavyoweza kulala ndani ya faili au kumtoa fundi ofisini.

Kwanza tuifuate barua yenyewe ikishafika. Wengi wetu tunadhani barua ikiandikwa "Kwa Afisa" basi afisa ndiye anayeifungua. La hasha! Mzee mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa karani wa masjala kwa miaka mingi, alinieleza safari yake. Barua hufunguliwa masjala, ikagongwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika daftari la barua zinazoingia. Halafu karani huamua iingie katika faili gani, akaipa nambari, ndipo faili hupelekwa kwa mkubwa. Mkubwa naye huisoma na kuandika pembeni kwa kalamu jina la yule atakayeishughulikia, pengine na neno moja au mawili: "Tuma fundi", "Tuzungumze", "Weka".

Hilo neno "Weka" ndilo la kuogopwa. Mzee alisema afisa haandiki "Weka" kwa sababu ana roho mbaya. Huliandika kwa sababu amesoma mistari michache ya juu, hakuona jambo analotakiwa kufanya, na chini ya barua hiyo ziko nyingine thelathini. Kwa hivyo barua yako husomwa mara mbili kwa haraka: na karani anayetafuta faili, kisha na mkubwa anayetafuta mtu wa kumtuma. Wote wawili wanatazama juu ya ukurasa.

Sasa nije kwenye kisima. Mjomba wangu ni katibu wa kamati ya maji katika kituo kimoja cha wafugaji huku kwetu Kaskazini Mashariki. Pampu yao ilipoacha kutoa maji, wazee walikaa wakaandika barua kwa mkono, kurasa mbili kamili, wakampa ailete mjini. Ilianza hivi:

"Kwa heshima na taadhima, sisi wazee, akina mama na vijana tunachukua fursa hii adhimu kukusalimu wewe pamoja na wafanyakazi wako wote. Ni matumaini yetu kwamba mu wazima wa afya. Sisi huku ni wazima isipokuwa ukame. Kama ujuavyo, mfugaji bila maji ni sawa na samaki nchi kavu..."

Barua iliendelea kueleza ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, wakati misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, na mifugo iliyokufa. Yote ni kweli, na imeandikwa kwa uchungu. Lakini pampu ilitajwa mara ya kwanza katika ukurasa wa pili, na ombi lenyewe lilikuwa mstari wa mwisho: "Kwa hivyo tunaomba utusaidie kwa sababu kisima kimeharibika."

Mimi nilimwambia mjomba kwamba ombi lipande juu. Mjomba hakukubali. "Mpwa wangu," aliniambia, "mtu akifika bomani kwa watu, husalimia kwanza. Huulizwa habari za safari, za mvua, za mifugo, anapewa chai. Akianza na haja yake kabla ya salamu, watu watasema hakulelewa."

Ni kweli, na mimi pia nimelelewa hivyo. Lakini salamu za bomani zina kazi yake: wenyeji wanataka kujua wewe ni nani na umetoka wapi, na habari za mvua ni habari wanazozihitaji kabla ya kuhamisha mifugo. Katika barua kazi hiyo imeshafanywa na anwani, tarehe na lile neno "Bwana" au "Bi". Afisa akifika hapo ameshajua nani anamwandikia na kutoka wapi. Heshima haipotei, maana neno "tunaomba" ni heshima, na shukrani zina nafasi yake mwishoni. Mjomba alinyamaza kidogo kisha akasema, "Haya, andika tuone."

Kabla ya kuandika nilimwuliza maswali, na hapa ndipo kazi ilipokuwa. Nilimwuliza: jenereta inawaka? Akasema inawaka na kunguruma kama kawaida, ila maji hayatoki kwenye bomba. Jibu hilo linabadilisha kila kitu. Kama jenereta ingekataa kuwaka, angehitajika fundi wa injini na sanduku lake la spana, ambaye hata pikipiki ingemfikisha. Lakini jenereta ikinguruma na maji yasitoke, mara nyingi hitilafu iko chini, kwenye pampu yenyewe, waya wake au mabomba yaliyoishikilia. Visima vyetu vingi ni virefu, maji yako zaidi ya mita 100 chini ya ardhi, na pampu huzamishwa humo. Kuitoa ni kuyavuta mabomba yote moja baada ya jingine, kazi ya gari lenye winchi. Barua ikisema tu "kisima kimeharibika", afisa anaweza kumtuma fundi wa injini, naye atasafiri siku nzima kuja kutikisa kichwa. (Visima vinavyotumia paneli za sola vina maswali yake, lakini mpaka ni ule ule: hitilafu iko juu au chini?)

Tukaandika hivi:

"MINT: OMBI LA FUNDI WA PAMPU NA GARI LA WINCHI

Tunaomba utume fundi wa pampu pamoja na gari la winchi katika kisima cha kituo chetu kabla ya tarehe 14 Februari. Pampu iliacha kutoa maji tarehe 6 Februari ingawa jenereta inafanya kazi, na familia 90 zinategemea kisima hiki kwa kuwa maji mengine yaliyo karibu yako umbali wa kilomita 31."

Jina la kituo na wadi vilikuwa katika barua yenyewe, nimeviacha hapa makusudi. Tazameni sentensi ya kwanza. Ina kitenzi ambacho afisa anaweza kukitekeleza akiwa mezani pake: "utume". Neno "utusaidie" halitoshi, kwa sababu msaada ni mlango ulio wazi pande zote, anaweza kusaidia kwa kukuombea dua. Wala "pampu itengenezwe" halifai sana, maana halisemi nani afanye nini. Kila afisa ana mambo yaliyo katika uwezo wake: kutuma, kuidhinisha, kutia saini, kukagua, kujibu. Chagua moja kati ya hayo. Sentensi hiyo pia inataja mahali na tarehe. Sentensi ya pili ndiyo inayomwonyesha kwa nini asingoje: hitilafu ni ipi, tangu lini, na watu wangapi wanaumia. Yale ya ukame tuliyaweka katika aya ya tatu, mistari minne. Hatukuyatupa.

Nadhani wengine mtauliza, je, kichwa cha MINT hakitoshi? Hakitoshi. Kichwa humsaidia karani kuchagua faili, lakini hakimwambii mkubwa lini wala kwa nini. Na tafadhali, ile sentensi tunayoipenda sote darasani, "Ninaandika barua hii kuhusu mada iliyotajwa hapo juu", inakula nafasi ya dhahabu bila kusema lolote. Hata katika insha ya lazima ya mtihani wa KCSE, barua rasmi ikitokea, mimi naona mtahini angefurahi kuikosa, ingawa hilo nawaachia walimu.

Mjomba alitaka jambo jingine: tuongeze ombi la boza la maji watu wakisubiri fundi. Nikamwambia hilo liwe barua ya pili. Boza na fundi mara nyingi huwa chini ya maafisa tofauti, na barua yenye maombi mawili huandikwa pembeni jina la mtu mmoja tu, ombi la pili likabaki yatima. Basi tukafanya hesabu ya barua ya boza. Familia 90 za watu sita sita ni watu 540. Kwa lita 15 kila mtu kwa siku, kiwango cha chini kinachotumiwa na mashirika wakati wa dharura, ni lita 8,100. Kwa hivyo boza moja la lita 10,000 latosha watu kwa siku moja. Mifugo haimo. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila maji anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja, ngamia 50 wakamaliza nusu ya boza. Sentensi ya kwanza ikawa: "Tunaomba utume boza moja la lita 10,000 kila siku hadi pampu itakapotengenezwa." Afisa akisoma hivyo hana haja ya kuuliza "maji kiasi gani?", swali ambalo peke yake laweza kuchelewesha jibu wiki nzima.

Kabla ya kufunga bahasha tuliijaribu. Nilifunika barua yote kwa daftari isipokuwa zile sentensi mbili, nikampa binamu yangu wa darasa la saba ambaye hakujua lolote. Nikamwuliza: aende nani, wapi, na nini, kabla ya lini? Akajibu yote. Angekwama hata kwa moja, tungeandika upya.

Fundi alifika tarehe 17, siku tatu baada ya tarehe tuliyoomba, kwa sababu gari la winchi lilikuwa katika wadi nyingine. Siwezi kuapa kwamba ni sentensi mbili zilizomleta. Barua haizai pampu kama bohari haina pampu, wala haijazi mafuta kwenye gari. Na kama watu wanakaribia kufa kwa kiu, usikae kuandika: piga simu, au mtume mtu kwa chifu na kwa ofisi ya maji, barua ifuate baadaye.

Mjomba alibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala ina nguvu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba habari kutoka ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kujibu upesi iwezekanavyo, isizidi siku 21. Kama fundi hangefika, barua iliyofuata ilikuwa tayari kichwani mwangu: "Tunaomba kujulishwa barua yetu ya tarehe 8 Februari iliyopokelewa kwa muhuri siku hiyo ilikabidhiwa nani, na fundi atafika lini. Nakala yake imeambatishwa."