Ndege Inapotua Kiwanja Kingine

Ukungu wa asubuhi unapotanda Nairobi, ndege iliyotoka Dubai yaweza kuelekezwa Mombasa. Mara nyingi abiria husalia ndani, ndege ikaongezwa mafuta, na ukungu ukiondoka safari huendelea. Lakini saa za kazi za marubani zina kikomo kisheria. Zikiisha, abiria hushushwa wangojee marubani wengine, ndege nyingine au basi.

Tunakushauri usiondoke kwa hiari yako kabla ya kuzungumza na mhudumu wa shirika. Ingawa ukungu si kosa lake, shirika lingali na wajibu wa kukufikisha Nairobi. Ukijiondokea, huenda usirudishiwe nauli uliyojilipia. Tena sanduku lako lina kibandiko chenye herufi NBO, yaani Nairobi. Wapakiaji hufuata kibandiko, si mwenye mzigo, hivyo laweza kufika Nairobi nawe ungali Mombasa. Ukishushwa, uliza kwanza mizigo itatolewa wapi.

Usipoliona sanduku Nairobi, toa taarifa kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, nawe udai nakala yenye namba. Kisha liandikie shirika. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo uliochelewa hupelekwa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ya mzigo ulioharibika, siku 7. Taarifa ya dawatini, ambayo wengi huidhania kuwa yatosha, ni mwanzo tu. Ambatisha nakala ya kipande cha kibandiko ulichopewa ulipokabidhi mzigo, na risiti za vitu vya lazima ulivyonunua ukingoja.