Sekunde 40 za Shangazi na shati moja

Video ya kwanza niliyomtengenezea shangazi yangu ilimletea mteja, na mteja akamletea ugomvi. Shangazi ni fundi cherehani kwenye soko la Karume, Ilala, anapunguza nguo za mitumba. Alinitumia vipande vya video kwa WhatsApp, mimi nikaviunga hapa Leicester: shati pana, kisha paap, shati limekaa mwilini. Wiki iliyofuata akaja kijana na koti ambalo mabega yake yalikuwa yanamwangukia karibu nusu ya mkono. Alitaka kama ya kwenye simu, tena kwa bei ileile. Shangazi alipomweleza kuwa bega ni kazi nyingine kabisa, akamwambia yeye ni mwongo.

Kosa lilikuwa langu. Kwenye vile vipande shangazi alisema kitu kuhusu mabega. Nilikikata kwa sababu kilipunguza mwendo.

Kwa hiyo mwezi wa nane nilipokwenda likizo tulikaa chini tukaandika skripti upya. Rasimu yangu ilianza hivi: "Karibuni sana, leo tunawaletea mabadiliko ya vazi." Shangazi akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Mwanangu, nani anaongea hivyo sokoni? Hapa tunapunguza shati." Halafu tukapima kwa saa ya simu: salamu, jina na mahali alipo vilikula sekunde 11 kabla hujaona hata uzi. Vyote tukavitoa, jina na mahali vikahamia kwenye maandishi. Tukayaweka juu ya picha, maana chini ndiko programu za simu zinakoweka jina la akaunti na maelezo yake, yakayafunika.

Hii ndiyo tuliyobaki nayo. Maneno ya kusema hayafiki 70, na hiyo ni makusudi, kwa sababu mtu akiongea kwa starehe anatoa maneno mawili hivi kwa sekunde, na lazima ubakishe nafasi ya cherehani kusikika.

Sekunde 0–4. Kijana amesimama, shati linapwaya. Shangazi anashika kitambaa kilichozidi ubavuni, anakivuta. "Shati zuri hili, ila wanaingia watu wawili."

Sekunde 4–12. Shati limevaliwa ndani nje, vifungo vimefungwa. Pini zinaingia. "Analivaa ndani nje. Nabana pini pande zote mbili sawasawa. Sentimita nne kila upande, shati linapungua kumi na sita."

Sekunde 12–20. Chaki mezani. "Mstari unaanza kwenye kiwiko, unapita kwapani, unashuka mpaka chini. Kwapani nazungusha taratibu, mkono upate kunyanyuka."

Sekunde 20–28. Hakuna maneno. Cherehani, mkasi, ovaloki, pasi.

Sekunde 28–34. Kijana palepale alipokuwa mwanzo. "Haya, geuka. Nyanyua mikono. Umeona?"

Sekunde 34–40. Kidole cha shangazi kwenye mshono wa bega. "Mabega sijayagusa. Yakikuzidi mabega, hiyo kazi nyingine. Njoo tuongee kwanza."

Ile sentensi ya sentimita nne iliwasumbua wawili niliowaonyesha: nne na nne si nane? Hapana. Ukibana ubavu unashika kitambaa cha mbele na cha nyuma pamoja, kwa hiyo nne inakuwa nane kila upande. Shati letu lilikuwa na mzunguko wa sentimita 120 kifuani, kijana ana 94. Ukitaka avute pumzi na akae kwenye daladala bila kifungo kufyatuka, unamwachia kumi hivi, yaani 104. Hapo ndipo 16 inapotoka. Fundi anayeanza akisikia "punguza kumi na sita" akabana nane kila upande, atatoa 32, na shati limeisha.

Ndiyo maana pia shangazi hakati mapema. Anapiga kwanza mishono mikubwa ya kufumuka kirahisi, mteja anajaribu, ananyanyua mikono. Upindo wa chini ukipanda naye juu sana, au kitambaa kikivuta mgongoni, mstari wa kwapani umeingia ndani mno, anafumua. Akiridhika ndipo anapiga mshono wenyewe, anakata akiacha sentimita moja na nusu, kisha ovaloki. Nilitaka jaribio hilo liwemo kwenye video. Halikuingia, sekunde hazitoshi. Ila ule mkono unaonyanyuliwa mwishoni ndio unaobeba ushahidi wake: shati lililobanwa vibaya huwezi kulificha mtu akinyoosha mikono juu.

Sasa ile "kabla" na "baada". Watu wengi wanadanganya hapa bila hata kukusudia. Kwenye "kabla" mtu amekunja uso, amelegea, yuko kizani. Kwenye "baada" amechana nywele na anacheka. Mtazamaji anashangilia nywele. Sisi tulichora alama mbili za chaki sakafuni kwa ajili ya miguu ya kijana, tukafunga simu kwenye nguzo ya kibanda kwa mpira wa mkanda, na hatukuitoa pale mpaka shati lilipokwisha. Viatu vilevile, suruali ileile. Ukiunganisha vipande viwili, mwili haurukiruki, kinachobadilika ni shati tu. Kazi yenyewe ilichukua zaidi ya saa moja, na tuliandika hivyo kwenye maandishi ya juu ili mtu asije akasema nisubirie hapahapa.

Mwanga ulitutesa zaidi. Kibanda kimeezekwa turubai la bluu, na shati letu la rangi ya haradali likatokea la kijani kama ugonjwa. Tukasogea ukingoni, nje kidogo ya turubai, saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kuacha mashati ya mistari myembamba pia: kwenye simu mistari inachezacheza kama maji. Na jeupe kabisa linaifanya simu itie giza kila kitu kingine, uso wa mtu ukiwemo.

Sauti hatukurekodi sokoni. Pale kuna anayenadi beli la jinzi na mwingine ana spika ya Kanda ya Sita, sijui ndiyo nini, inalia kutwa. Jioni nyumbani shangazi alijifunika khanga kichwani, simu ikiwa karibu na mdomo, akasoma mara tatu. Mlio wa cherehani tu ndio wa sokoni, tuliurekodi peke yake simu ikiwa imelala mezani.

Tulibishana kuhusu sekunde sita za mwisho. Mimi nilitaka video iishie kijana anapogeuka, maana hapo ndipo mtu anapoitazama tena. Shangazi akasema: "We utarudi Uingereza. Mimi ndiye nitakayekaa hapa na huyo mwenye koti." Sikuwa na jibu. Bei nayo alikataa isitajwe, kwa hoja kwamba video itazunguka mwaka mzima na uzi utapanda bei kabla yake.

Ile ya kwanza tumeifuta. Ijumaa iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti: amekuja dada na blauzi mbili, na kabla hajaketi ameuliza, "Mama, hebu niangalizie mabega." Moja yalikuwa yamezidi kidole kimoja tu, ameipokea. Nyingine amemrudishia.