Miwani ya Mwanga wa Buluu Haiondoi Uchovu wa Macho

Ukiingia katika duka la miwani ukalalamika kwamba kompyuta inakuchosha macho, huenda muuzaji akatoa kalamu ndogo yenye mwanga wa urujuani. Ataimulika kwenye kadi, doa lionekane. Kisha ataweka katikati lenzi ya kuzuia mwanga wa buluu, na doa litafifia. Wengi hutoa fedha hapo hapo.

Jaribio lenyewe ni la kweli, ila linajibu swali jingine. Kalamu nyingi za namna hiyo hutoa mwanga wa nanomita 405 hivi, ilhali buluu ya skrini hukolea karibu na nanomita 450. Lenzi nyingi zisizo na rangi hupunguza asilimia 10 hadi 25 tu ya mwanga wa buluu. Tena, doa kufifia kwenye kadi hakuonyeshi kwamba jicho litapumzika.

Watafiti wa Melbourne, Australia, waliliuliza jicho lenyewe. Katika utafiti wao wa mwaka 2021, watu 120 ambao tayari walikuwa wakisumbuliwa na macho walifanya kazi kwenye kompyuta kwa saa 2. Baadhi walivaa lenzi za kuzuia buluu, wengine lenzi za kawaida. Uchovu wa makundi hayo haukutofautiana. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilikusanya majaribio 17 ikafikia hukumu kama hiyo. Majaribio hayo hayakuzidi wiki chache, kwa hiyo hukumu inahusu muda mfupi; lakini anayenunua miwani hii huahidiwa nafuu ya jioni ileile.

Basi maumivu yanatoka wapi? Kwa kawaida tunapepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Tukikodolea skrini, idadi hiyo huweza kushuka chini ya nusu, na utando wa machozi hukauka. Ndani ya jicho, msuli unaorekebisha lenzi hubaki umejikaza ili tuone karibu. Unaweza kutambua tatizo lako: macho yakiwasha kama yameingia mchanga, ni ukavu. Ukiinua uso na mambo ya mbali yakawa na ukungu kwa muda, ni msuli.

Chukua mhasibu wa miaka 45 mwenye miwani ya kusomea. Miwani hiyo imepimwa kwa umbali wa sentimita 40, na kompyuta yake iko sentimita 65. Kutwa nzima huinamia skrini ili aone vizuri, na jioni kichwa na shingo vinamuuma. Lenzi ya buluu haimsaidii. Anahitaji lenzi iliyopimwa kwa umbali wa meza yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia nyongeza hiyo, pima kwa rula umbali kutoka jicho lako hadi skrini, umtajie mpima macho. Ukiwa kazini, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, upepese macho hadi kope zigusane.