Utani wa kazini unapoandikwa kwenye simu

Kwa watu wa pwani, utani una wenyewe. Babu na mjukuu hutaniana, kadhalika mabinamu na mashemeji, lakini mtu hamtanii babake mzazi, na mkwewe ndiye kabisa hasogelewi kwa mzaha. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, aliyeandika kuhusu mila za namna hii mwaka wa 1940, alizieleza kuwa ni utovu wa adabu ulioruhusiwa: mmoja ana idhini ya kumkejeli mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Nchini Tanzania idhini hiyo huenea hadi baina ya makabila mazima, kama vile Wazaramo na Wanyamwezi.

Jambo la kuzingatia hapo ni idhini yenyewe. Mtani hujulikana kabla ya kutania. Aidha, humtania mtu akiwa mbele yake, uso unaonekana na sauti inasikika, na anayetaniwa ana haki ya kujibu papo hapo kwa kipimo kile kile. Ujumbe wa simu unaotumwa kwenye kundi la kazini huyaondoa yote hayo kwa pamoja, ukabakisha maneno makavu.

Katika kijiji cha Ozi, karibu na Kipini ambako Mto Tana unaingia baharini, athari zake ni rahisi kuonekana. Kundi la WhatsApp la watunzaji wa mikoko, la walimu au la wahudumu wa afya katika eneo hilo la Garsen huweza kuwa na Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wabajuni na Wagiriama, pamoja na maafisa waliohamishiwa huko kutoka bara. Mwenye kuandika humjua mmoja au wawili kwa undani. Ujumbe wake, hata hivyo, husomwa na wote.

Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Justin Kruger walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005. Waliwapa watu sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wazitume kwa barua pepe au wazitamke kwa sauti. Waliotumia barua pepe walitarajia wasomaji wangetambua kusudio lao mara 78 hivi katika 100. Wasomaji walitambua mara 56 tu, ambayo ni karibu sawa na kurusha sarafu. Waliosikia sauti walikaribia kiasi kilichotarajiwa. Sababu yake ni nyepesi: anayeandika husikia kichwani mwake sauti yake mwenyewe ikicheka, akadhani na msomaji anaisikia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Afisa kijana kutoka bara ameitisha mkutano wa upandaji mikoko, na watu sita pekee wakajitokeza. Wakati wa mkutano, kundi la mifugo likapita kando yao. Usiku anaandika: "Jana ng'ombe walihudhuria kuliko wanachama! Hahaha." Kwake yeye huo ni mzaha mwepesi kuhusu mahudhurio.

Lakini katika delta ya Tana, ng'ombe na shamba si maneno ya mzaha. Mnamo Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma yaliyotokana na ugomvi wa muda mrefu juu ya malisho, mashamba na maji. Mapigano hayo yaliendelea hadi mapema mwaka uliofuata. Mkulima wa Kipokomo anayeusoma ujumbe ule huona mtu akifanyia mchezo mifugo inayoingia mashambani. Mfugaji wa Kiorma huona ama analaumiwa, ama analinganishwa na wanyama wake. Wote wawili wanakosea kuhusu nia ya kijana yule, na hakuna anayekosea kuhusu maneno aliyoyaandika.

Dalili ya kwamba mzaha umekwenda kombo kwa kawaida si matusi. Ni kimya. Kundi lililokuwa likijibu kwa "sawa" na "ahsante" hunyamaza, halafu mtu mzima mmoja huandika jambo jingine kwa lugha rasmi mno, kana kwamba ujumbe uliotangulia haukuwapo. Aliyetuma, asipoyajua haya, huongeza alama ya uso unaocheka hadi machozi. Alama hiyo nayo haisaidii, kwani msomaji asiyeizoea huweza kuona uso unaolia.

Kuufuta ujumbe kimyakimya kuna hasara yake. Programu huacha maneno "This message was deleted", na waliokwisha kuusoma huwasimulia wasiousoma, pengine kwa chumvi zaidi. Kusema "nilikuwa natania tu" ni kubaya vilevile, maana kunamtupia lawama aliyeudhika, kwamba yeye ndiye asiyejua utani. Lililo bora ni kueleza papo hapo, katika kundi lile lile, jambo lililokusudiwa: kwamba mahudhurio yalikuwa madogo, kwamba maneno kuhusu ng'ombe hayakufaa, na kwamba anaomba radhi. Sentensi tatu zinatosha. Baada ya hapo ampigie simu mzee mmoja wa kila upande, kwa sababu kule, jambo likiwa zito, husuluhishwa kwa mdomo mbele ya wazee.

Je, angeweza kuandika vipi tangu mwanzo bila kuwa mkavu? Pengine hivi: "Assalaam alaikum na habari za jioni, jamani. Jana tulikuwa sita tu, kwa hiyo tutakutana tena Alhamisi saa nne asubuhi. Mimi nilifika na matope hadi magotini, mwenye kunifundisha kutembea mikokoni namkaribisha." Salamu imetangulia, jambo ambalo msomaji wa pwani hulitarajia kabla ya agizo lolote. Siku na saa zimetajwa wazi, kiasi kwamba asiyeuelewa mzaha hapotezi kitu. Na anayechekwa ni mwandishi mwenyewe, ambaye hahitaji idhini ya mtu yeyote.

Suala la cheo ni gumu zaidi. Mkuu wa ofisi anapomtania mhudumu kwenye kundi, mhudumu hawezi kujibu kwa kipimo kile kile, na utani usiojibika umekosa sharti lake la msingi. Kipimo ni rahisi: je, yule ninayemtania angeweza kuniandikia maneno haya haya, hapa hapa, na asihofie chochote kesho? Akiwa hawezi, mkuu na aucheke udhaifu wake mwenyewe. Kwa wa chini kwenda juu, njia salama ni kumsubiri mkubwa aanze, na hata akianza, kumjibu ana kwa ana kuliko mbele ya kundi.

Kuna utani mmoja wa nyumbani usiofaa kabisa kuingia ofisini. Pwani, nyanya humwita mjukuu wake "mume wangu", na babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", wala hakuna anayeshtuka. Mfanyakazi mkongwe anayemwandikia msichana aliyeajiriwa majuzi "mke wangu, ripoti iko wapi?" huenda anamfanyia ujukuu. Lakini msichana huyo akiwa ametoka Machakos au Kisumu, hana habari za ujukuu huo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 6, huyahesabu maneno ya kimapenzi yasiyotakikana, yakisemwa ama yakiandikwa, kuwa miongoni mwa unyanyasaji wa kijinsia, nayo humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera ya maandishi kuhusu suala hilo. Maneno yaliyosemwa barazani hupita na upepo. Yaliyoandikwa hubaki katika simu ya msichana, yakiwa na tarehe na saa.