Nywila mbili zinazofanana

Mwaka 2013 taarifa za watumiaji wa Adobe zilivuja. Nywila zote zilikuwa zimefichwa kwa 3DES na ufunguo mmoja, kwa hiyo waliochagua `123456` walionekana na herufi zilezile. Vidokezo vya kukumbushia, vilivyoachwa wazi kando yake, vikamaliza siri.

Mkaguzi wa msimbo hufungua akaunti mbili zenye nywila moja, kisha hulinganisha kilichohifadhiwa. Vikilingana, chumvi haipo, yaani ile data ya nasibu inayochanganywa na kila nywila. `md5(nywila)` hukataliwa, kwani ni ya haraka mno kwa anayebahatisha. `bcrypt` huenda polepole makusudi. Fomula ya kujitungia hukataliwa vilevile, hata ikipendeza. Ufunguo ulioandikwa ndani ya msimbo hubadilishwa kabisa: kufuta mstari hakutoshi, maana historia ya Git huutunza.